Salamu za Miaka Themanini

Tarehe 2 Machi

Kwako Bibi, mke wangu wa pekee,

Shikamoo. Magoti yako yanasemaje siku hizi? Na kikohozi, kimeondoka au bado kimepanga chumba? Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, na vidole vyote viko mahali pake, jambo ambalo kwa fundi vioo si dogo.

Bibi, kuna kitu nimekuficha tangu Juni ya mwaka jana, na leo nakisema maana kimenifika shingoni.

Unamjua Mrefu, yule ninayekuandikia habari zake kila mara, mwenzangu wa karakana. Vioo vikubwa tunabeba sisi wawili, yeye kule, mimi huku. Nyumbani kwao wanazungumza Kihispania, na bibi yake, aliyemlea kama wewe ulivyonilea mimi, ndiye nguzo ya nyumba. Juni iliyopita alitimiza miaka sabini na tisa, nikaalikwa. Nilikuwa nimejifunza maneno mawili matatu, nikataka kuonyesha kwamba na mimi ni mtu wa nyumbani. Nikasimama mbele ya watu wote, nikamtania kama ninavyokutania wewe. Nikamwambia, kwa Kihispania changu cha kuokoteza: mke wangu, sasa mzee hayupo, usihuzunike, mrithi nimefika.

Mzee mwenyewe, mumewe, alikuwa amezikwa miezi saba tu kabla ya siku hiyo.

Hakuna aliyecheka. Yule bibi aliweka uma wake mezani taratibu, akanyanyuka, akaingia chumbani akafunga mlango. Mrefu alinisindikiza hadi kwenye ngazi, akaniambia, "Umemliza bibi yangu siku ya kuzaliwa kwake." Hayo ndiyo maneno ya mwisho ya maana niliyoyasikia kutoka kwake. Miezi tisa sasa.

Na kioo, Bibi, hakibebwi na mabubu. Lazima mmoja aseme nyanyua, geuza, kuna kizingiti, teremsha. Sisi tunakohoa na kutikisa vichwa. Juzi tulikuwa tunashuka na kioo cha dirisha la duka, mimi nikadhani anageuka kushoto, yeye akageuka kulia, kikapiga ukuta. Kilivunjika chote. Hakuna aliyeumia, ila bosi alitusimamisha palepale juu ya vigae: "Mwisho wa Juni. Msipoelewana, mmoja wenu anahamia karakana ya upande wa pili wa mji, na sitachagua kwa huruma."

Sitaki kuhama na sitaki yeye ahame. Sina rafiki mwingine kama yule hapa. Tarehe kumi na tano Juni bibi yake anatimiza themanini, nami nimeapa nitamwandikia salamu kwa Kihispania, kwa mkono wangu, zenye heshima tele, mpaka jambo hili liishe. Nipe akili yako.

Mumeo aliyeharibu,
Mjukuu wako


Tarehe 20 Machi

Mjukuu wangu mpumbavu,

Marahaba. Magoti yananiuma, kikohozi kimehama, na barua yako nimeisoma mara mbili: mara ya kwanza nimecheka, mara ya pili nimetaka kukuzaba kofi kwa njia ya posta.

Umesahau kitu kimoja. Mimi nakuita mume wangu tangu ulipokuwa na meno mawili. Utani wetu una miaka thelathini, nimeupalilia mwenyewe. Wewe umekwenda kwa mama wa watu, mjane mbichi, ukamkuta hajafika hata mwaka, ukadhani utani ni kama miavuli, unachukua wowote uliopo mlangoni. Kwetu hapa babu yako alipofariki ulinitania hivyo hivyo, nami nikacheka huku nalia, kwa sababu nilijua ni wewe. Yule alijua wewe ni nani? Rafiki wa mjukuu wake, basi.

Lakini moyo wako haukuwa na ubaya, na hilo ndilo linalonifanya nichukue kalamu. Andika. Usinunue maneno ya watu. Ukiandika niletee kwanza niyaone, na chini yake unifafanulie kwa Kiswahili. Mimi nimekuwa mkunga miaka thelathini na miwili, nimewasalimia mabibi wa kila aina katika siku mbaya kuliko hiyo. Kihispania sikijui, ila mtu mzima namjua.

Bibi yako


Tarehe 9 Aprili

Shikamoo Bibi,

Kofi limefika salama. Natumaini mwenyewe hujambo, na yule jirani ameacha kuchoma takataka chini ya dirisha lako.

Nimepata mwalimu. Ni mama mstaafu anayefundisha Kihispania bure maktaba kila Jumamosi. Tuko sita, na mimi ndiye mwenye mikono michafu kuliko wote. Nikamweleza nataka nini, lakini kosa la mwaka jana nikalipunguza kidogo. Akaniangalia juu ya miwani, nikajua hajadanganyika.

Kwanza nilikwenda dukani nikapata kadi nzuri, ina maua na maneno ya vina: *Feliz cumpleaños, abuelita, te quiero mucho*. Yaani heri ya siku ya kuzaliwa, bibi mpenzi, nakupenda sana. Nikampelekea Mwalimu nikidhani kazi imekwisha. Akaifunga akanirudishia. Anasema Kihispania kina "wewe" mbili. Moja ni *tú*, ya mtoto, rafiki, ndugu wa karibu. Nyingine ni *usted*, ya mtu unayemheshimu au usiyemzoea. Kadi nzima imeandikwa kwa *tú*, kwa sababu imetengenezwa kwa mjukuu halisi. Mjukuu wa damu anaruhusiwa. Familia nyingine hata wajukuu wanatumia *usted*, kila nyumba na desturi yake. Ila mtu kama mimi, niliyekwisha kuharibu mara moja, nisijaribu bahati yangu.

Na hiyo *abuelita* nayo, Bibi! Kwetu bibi wa rafiki ni bibi yangu, tena nisipomwita hivyo nitaambiwa sina adabu. Mwalimu anasema wapo watakaofurahi, lakini neno hilo ni la mwenye nyumba kunipa, si la mimi kujichukulia. Nimwite *señora*, yaani mama, kwa heshima.

Basi nikaketi nikaandika upya. Nakufasiria:

"Mheshimiwa mama. Mimi ni yule kijana aliyekosea mwaka jana. Nasikitika sana. Sikujua. Mimi nyumbani kwetu huwa ninamtania bibi yangu. Mimi sikuwa na nia mbaya. Miezi yote hii mimi sijalala vizuri. Naomba unisamehe ili mimi na mjukuu wako tuweze kufanya kazi. Heri ya siku ya kuzaliwa."

Mwalimu amesahihisha Kihispania chake tu. Unaonaje?

Mjukuu wako


Tarehe 25 Aprili

Mjukuu wangu,

Marahaba. Jirani bado anachoma. Nimemwambia akichoma tena nitamwagia maji yeye, si moto.

Nimechukua kalamu nyekundu nikahesabu. Barua ya siku ya kuzaliwa ya yule mama ina "mimi" tano, na siku yake yenyewe imekuja mwishoni kabisa. Hebu niambie, siku hiyo ni ya nani? Umemwandikia mtu wa miaka themanini akubembeleze wewe. Akiisoma mbele ya watoto wake, wote watakumbuka lile la mwaka jana. Utamliza mara ya pili, safari hii kwa maandishi.

Kesi na sherehe havikai sahani moja. Msamaha huombwa kwa miguu. Nenda kwake mapema, siku ya kawaida, umevaa safi, usimame mlangoni, useme kosa lako kwa sentensi moja, uondoke. Usijitetee wala usimwambie habari za kwetu. Akikusamehe vizuri, asipokusamehe ni haki yake. Halafu salamu ziwe salamu tupu.

Na katika salamu hizo mwambie jambo moja alilokutendea, ambalo hakuna mwenye duka la kadi anayelijua. Wazee tunaombewa afya na kila mtu hadi tunachoka. Tunachotaka kujua ni kama kuna kitu tulichofanya kikabaki. Fikiri. Kama hakuna, basi kweli humjui, na umwache apumzike.

Bibi yako


Tarehe 18 Mei

Shikamoo Bibi,

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa natekeleza.

Nilikwenda Jumanne saa kumi, nimevaa lile shati ulilonishonea. Alifungua mwenyewe. Ni mdogo, Bibi, hafiki begani kwangu. Nikasema nilivyofundishwa: *Señora, el año pasado le falté al respeto. Le pido perdón.* Mwaka jana nilikuvunjia heshima, naomba msamaha. Mdomo wangu ulitaka kuongeza. Kisa chote cha kwetu nikakimeza. Akasema, *Gracias por venir*, asante kwa kuja. Akafunga mlango, wala hakuubamiza. Sasa huo ni msamaha au ni adabu tu? Mimi sijui. Nimeshuka ngazi zote nikijiuliza.

Lile jambo moja ulilotaka, Bibi, nilikuwa nalo siku zote mikononi. Wiki yangu ya kwanza karakana nilikuwa nabeba vioo kwa matambara, sina glavu, naona aibu kusema. Mrefu alikwenda kusimulia nyumbani. Mzee, mume wa yule bibi, naye alikuwa fundi vioo maisha yake yote, wakati huo yu hai bado, amestaafu. Siku ya pili yule bibi alikuja karakana kwa miguu, kaleta glavu za ngozi za mumewe, viganja kavishonea ngozi nyingine kwa mkono wake. Hakunipa mkononi, alinivalisha kama mtoto. Nazivaa mpaka leo. Kioo kimezichana mara nyingi, hakijafika kwangu.

Nimeandika haya, na Mwalimu amepitia kila neno:

*Muy querida señora:*

*¡Feliz cumpleaños! Hoy cumple usted ochenta años, y le deseo salud, alegría y la compañía de los suyos.*

*En mi primera semana en el taller, usted me puso en las manos los guantes de su esposo. Gracias a usted conservo mis diez dedos.*

*¡Que cumpla muchos más!*

*Con respeto y cariño,*
*El compañero de trabajo de su nieto*

Yaani: Mama mpendwa sana. Heri ya siku ya kuzaliwa! Leo unatimiza miaka themanini, nakutakia afya, furaha na kuwa pamoja na watu wako. Wiki yangu ya kwanza karakana ulinivalisha glavu za mume wako. Kwa ajili yako ninavyo vidole vyangu kumi. Utimize mingine mingi! Kwa heshima na upendo, mfanyakazi mwenza wa mjukuu wako.

Angalia ile alama ya mshangao iliyopindua miguu juu. Kwao hufungua kwa moja iliyopinduka na kufunga kwa moja iliyosimama. Na baada ya kumtaja mtu juu, barua huweka nukta mbili, si mkato. Nilikuwa nimeandika *estimada*, mheshimiwa, Mwalimu akasema hilo ni la barua ya benki, ukimpenda mtu sema *querida*, heshima itabebwa na *usted* humo ndani. Ile *que cumpla muchos más* ndiyo dua yao ya siku hiyo, haikosi. Nilitaka kuandika "uishi miaka mia", akanikataza: mwenye themanini unamwekea kikomo cha nini?

Tumebishana mahali pawili. Kwanza mwisho. Mwalimu alitaka nitie sahihi *amigo*, rafiki. Nimekataa. Mrefu hasemi nami, nitajiitaje rafiki yake kwenye barua ya bibi yake? Nilishajipachika cheo mwaka jana, yaliyonikuta nayajua. Pili, mume. Mwalimu anaogopa kumtaja marehemu siku ya furaha. Kama ni lazima, anasema, nisiandike *difunto*, marehemu, niandike *esposo* tu. Hapo nimekwama. Yule mzee ndiye niliyemchezea mwaka jana. Nimtaje tena?

Nilimwomba Mrefu apeleke barua siku ikifika. Alikuwa anapima fremu. Hakuinua kichwa. Akasema, "Peleka mwenyewe." Maneno mawili, Bibi! Sijui kama ni tusi au ni mwaliko, lakini nimeyahesabu.

Mjukuu wako


Tarehe 1 Juni

Mjukuu wangu,

Nakuandikia haraka, mtu wa posta yuko mlangoni anajifanya ana haraka kuliko mimi.

Mtaje. Kila anayekuja kwangu huku humpita babu yako kama shimo barabarani, wanadhani wananihurumia. Miaka sita sasa hakuna anayetamka jina lake mpaka nitamke mimi. Mwaka jana ulimtaja yule mzee kana kwamba kiti chake kiko wazi. Mwaka huu unamtaja kama mtu aliyekuwa na mikono. Huoni tofauti? Mimi naiona, na yeye ataiona.

Kuhusu sahihi umefanya sawa. Usijitie urafiki, subiri upewe.

Peleka mwenyewe. Usiingie. Ukikaribishwa usikae mpaka wakuonyeshe kiti. Na kata kucha.

Bibi yako


Tarehe 16 Juni

Shikamoo Bibi,

U hali gani? Mimi leo sijui nianzie wapi. Naandika kwenye benchi la karakana, wakati wa mapumziko.

Nilinakili ile barua mara kumi na moja. Ya kumi ilikuwa nzuri, nikaidondoshea gundi. Ya kumi na moja ndiyo iliyokwenda. Saa nne asubuhi nilikuwa mlangoni. Nilichagua asubuhi ili niwahi kabla ya wageni, kumbe wao hukusanyika mapema. Nyumba imejaa mpaka kwenye korido. Mama yake Mrefu ndiye aliyefungua. Nikampa bahasha kwa mikono miwili, nikasema ni ya señora, nikageuka. Nilikwisha shuka ngazi nane. Bibi, nilifanya ulivyosema, sikuingia.

Nikasikia nyuma yangu, "Subiri." Alikuwa Mrefu. Alikuwa ameushika mlango, uko wazi. Nikapanda.

Yule bibi alikuwa ameketi kichwani pa meza, miwani puani, barua yangu mkononi. Watu wote wananitazama. Nilidhani ndiyo yale yale. Akaisoma kwa sauti, polepole, tangu *Muy querida señora*. Alipofika kwenye glavu sauti ikakatika. Nikasema moyoni, nimekwisha, nimemliza tena. Akanywa maji, akarudi mwanzo wa mstari ule ule, akausoma tena mpaka mwisho, na safari hii alimtaja mumewe kwa jina, jina ambalo mimi sikuliandika. Mrefu ananiambia tangu mazishi hakuwahi kulitamka mezani.

Akaniashiria nije. Nikasogea. Akasema neno, kwa woga wangu sikulielewa. Mrefu akanitafsiria: "Anataka mikono."

Nikaitoa. Akaiweka mezani, viganja juu, akaanza kunigusa kidole kimoja kimoja. *Uno. Dos. Tres.* Taratibu, kama wewe unavyokagua mtoto aliyezaliwa sasa hivi. Watu wakaanza kuhesabu naye. Walipofika *diez*, kumi, nyumba nzima ililipuka kwa makofi, shangazi zake wanalia, mimi nalia, aibu tupu. Akanifinya kidole gumba akaniambia, na hili nililielewa mwenyewe, kwamba glavu zile ngozi imechoka, nizilete Jumapili azishone.

Nikaonyeshwa kiti. Nikakaa.

Baadaye barua ilikuwa inazunguka meza, kila mtu anaisoma. Ilipomfikia Mrefu, akaisoma, akachomoa penseli yake ya kupimia kutoka nyuma ya sikio. Akapiga mstari juu ya *compañero de trabajo*, akaandika *amigo*. Akampasia mwenzake kama hakuna kilichotokea.

Leo asubuhi tumebeba kioo cha mita mbili kutoka kwenye gari mpaka ghorofa ya tatu. Ameongea njia nzima. Nyanyua, geuza, kizingiti, na timu ya mpira, na bei za nyumba, na viatu vyangu vibaya. Bosi alisimama chini ya ngazi akasema, "Sasa nyamazeni kidogo, mnaniumiza kichwa."

Asante, Bibi. Yote ni wewe.

Mjukuu wako


Tarehe 2 Julai

Mjukuu wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma kwa sauti peke yangu jikoni, halafu nikamwita yule jirani wa takataka nikamsomea na yeye, maana sikuweza kukaa nayo. Amelia, mjinga yule. Mwambie Mrefu nimempenda. Mwambie bibi yake uzi wa nailoni hukata ngozi, atumie wa pamba uliopakwa nta, ingawa nadhani anajua.

Sasa sikiliza. Tangu juzi kuna kitu kinanitekenya, na mimi si mtu wa kukaa na kitu.

Nimezalisha watoto zaidi ya elfu mbili. Kila mmoja nimemwandikia tarehe, saa na uzito, kwa mkono wangu. Yangu hakuna aliyeiandika. Mama yangu alisema ilikuwa msimu wa mvua, baba akasema hapana, kiangazi. Kitambulisho kimeandikwa siku ya kwanza ya mwaka, kwa sababu karani alikuwa mvivu. Kwa hiyo maisha yangu yote sijawahi kupata salamu hata moja za siku ya kuzaliwa. Sikuwahi kuona kama ni upungufu. Nimeona sasa, kwenye barua yako, na wivu umenishika, mtu mzima mimi.

Basi nimejichagulia. Siku yangu ni tarehe kumi na nane Agosti, na mwaka huu natimiza miaka themanini na moja, ili nimzidi yule mama kidogo. Nimeiandika kwenye kalenda kwa wino. Atakayebisha aje na cheti.

Utaniandikia kwa Kiswahili. Afya usiniombee, nina daktari. Niambie tu, katika yote niliyokufanyia, lipi lilibaki. Usiniulize nikusaidie. Hii barua hutanitumia kwanza niisahihishe.

Bibi yako